Rufaa: Kurejeshewa Sh 183,024.80 za matangazo yaliyowekwa na mdukuzi kwenye ukurasa wetu

Nairobi, Alhamisi 19 Juni 2025

Kwa Kitengo cha Malipo ya Matangazo,

KUH: OMBI NAMBA 7304418 LILILOKATALIWA TAREHE 18 JUNI 2025

Tunaomba mlifungue upya ombi lililotajwa hapo juu. Jibu tulilopewa jana lilisema kwamba matangazo "yalionyeshwa kikamilifu", na kwa hiyo makato ni halali. Hatubishani nanyi kuhusu kuonyeshwa. Tulichouliza, na tunachouliza tena, ni nani aliyeyaagiza. Akaunti iliyoyaagiza iliongezwa kwenye biashara yetu dakika kumi na tisa kabla ya tangazo la kwanza, ikitumia kikao kilichoibwa, na rekodi zenu zinaonyesha hivyo.

Sisi ni duka la spea za magari, Kirinyaga Road. Namba za akaunti na za kampeni tatu tunazozipinga ni hizi:

```
Ad account ID: 418820963157204
Campaign ID:   120218846310570412
Campaign ID:   120218846311940412
Campaign ID:   120218846314260412
```

Saa zote katika barua hii ni za mtindo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki (UTC+3), kama zinavyosomeka kwenye Activity history. Tunalitaja hili kwa sababu ombi letu la kwanza liliandika "saa tano usiku" na aliyelisoma akalijibu kana kwamba tukio lilianza saa 05:00.

Jinsi alivyoingia

Jumamosi 14 Juni, saa 15:52, kisanduku cha ujumbe cha ukurasa kilipokea faili ya zip kutoka kwa mtu aliyejifanya mteja anayetaka bei ya pedi za breki na filta kwa magari sita. Ndani yake mlikuwa na faili yenye alama ya PDF, lakini jina lake liliishia na .scr, yaani programu. Ilipofunguliwa kwenye kompyuta ya kaunta ilinakili vidakuzi vya kivinjari. Kidakuzi cha kikao kikishachukuliwa, anayekitumia huonekana kwenye mfumo kama mtu ambaye tayari ameshaingia, kwa hiyo haulizwi nenosiri wala tarakimu za uthibitishaji wa hatua mbili. Uthibitishaji huo ulikuwa umewashwa kwa wasimamizi wetu wote watatu tangu 2023. Kutoombwa kwa tarakimu usiku ule hakuthibitishi kwamba aliyeingia ni sisi.

Mfuatano wa Activity history ni huu. Saa 23:17 akaunti ya msimamizi mkuu ilitumika kutoka kifaa kisichowahi kuonekana kwenye orodha yetu. Saa 23:19 aliongezwa msimamizi mpya mwenye mamlaka kamili. Saa 23:26 wasimamizi wetu wawili waliondolewa. Saa 23:31 kikomo cha Account spending limit, ambacho tulikiweka Sh 60,000, kilifutwa. Saa 23:38 kampeni ya kwanza ikaanza, na nyingine mbili zikafuata kabla ya saa 00:15, kila moja ikiwa na bajeti ya Sh 90,000 kwa siku. Barua pepe yenu ya tahadhari kuhusu msimamizi mpya ilitufikia saa 23:20 duka likiwa limefungwa, na hata angeisoma mtu papo hapo, dakika sita baadaye hakuwa tena na mamlaka ya kumwondoa mvamizi.

Tofauti kati ya matangazo yetu na yale

Tangu Februari 2024 tumeendesha matangazo ya namna moja: Sh 1,500 kwa siku, kwa watu walio Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, kwa Kiswahili na Kiingereza, yakimpeleka mteja kwenye ujumbe wa ukurasa. Hatujawahi kuweka kiungo cha nje, maana hatuna duka la mtandaoni. Kampeni tatu za mvamizi zililenga watu wa Marekani, zilitangaza mashine ya kusafisha mazulia, na zilipeleka wasomaji kwenye tovuti ambayo haina uhusiano wowote nasi. Duka la Nairobi linalouza plagi na beringi halina mteja hata mmoja wa kumtafuta huko. Bajeti ilipanda kutoka Sh 1,500 hadi Sh 271,500 kwa siku ndani ya saa moja, kwenye kadi ileile, baada ya wenye kadi kuondolewa.

Saa 11:20 Jumapili mfumo wenu wenyewe uliifungia akaunti ya matangazo kwa maelezo ya "Unusual activity". Tunaomba sana anayesoma rufaa hii alitazame jambo hili. Shughuli ileile iliyoonekana si ya kawaida kiasi cha kufungiwa ndiyo iliyohesabiwa kuwa ya kawaida lilipofika suala la malipo.

Hesabu

Malipo halali ya mwisho yalikatwa Jumamosi saa 22:40 na salio likawa sifuri, kwa hiyo hakuna deni la zamani lililochanganyika humu. Baada ya hapo kadi inayoishia 4471 ilikatwa mara tano Jumapili 15 Juni, kila kiwango cha malipo kilipofikiwa. Kiwango chenyewe kiliongezwa na mfumo mara mbili usiku huohuo, kwa sababu makato ya mwanzo yalipita bila tatizo:

```
01:42   15,000
03:20   15,000
04:36   25,000
06:11   25,000
07:48   40,000
Jumla  120,000
```

Saa 09:05 msimamizi wetu wa tatu alizima kampeni zote. Mvamizi hakumwondoa kwa sababu ana idhini ya matangazo tu wala haonekani kwenye orodha ya wasimamizi wakuu. Wakati huo zilikuwa zimebaki Sh 38,400 ambazo hazijakatwa. Jumla ya matumizi ni Sh 158,400, yaani Sh 61,870, Sh 54,210 na Sh 41,700 za kampeni tatu kwa mpangilio wa namba zilizo juu, na Sh 620 za tangazo letu la kawaida ambalo liliendelea usiku kucha. Hizo Sh 620 ni zetu na hatuziombi.

Tunachopinga basi ni Sh 157,780. Kila ankara imeongezwa VAT ya asilimia 16, na kodi hiyo nayo inapaswa kurudi, kwa sababu tusiponunua huduma hatudaiwi kodi yake. Hili husahaulika mara nyingi: tangazo hurudishwa, kodi ikabaki. Tunaomba:

Sh 138,480.80 zirudishwe kwenye kadi inayoishia 4471 (Sh 119,380 na VAT ya Sh 19,100.80). Tafadhali zisiwekwe kama salio la matangazo. Fedha zilizotoka zilikuwa za kununulia mzigo, na salio la matangazo haliwezi kulipia mzigo.

Sh 44,544 zinazosubiri (Sh 38,400 na VAT ya Sh 6,144) zifutwe kabla ya Jumanne 1 Julai, siku ya makato ya mwezi.

Ankara zilizorekebishwa zitolewe kwa makato yote matano, ili hesabu zetu za kodi zisionyeshe gharama ambayo haikuwa yetu.

Mambo mawili yasiyo ya fedha

Ukurasa tulirudishiwa 17 Juni, na tunashukuru kwa hilo. Hata hivyo chini ya Partners bado kuna biashara moja tusiyoijua, iliyounganishwa saa 23:29 usiku ule, na kitufe cha Remove kinatoa hitilafu kila tukikibonyeza. Huo ni mlango wa pili. Mvamizi akiwa mshirika anaweza kurudi hata kama wasimamizi wote ni wetu na nenosiri ni jipya. Tunaomba muuondoe kwa upande wenu, na mpaka hapo hatutaunganisha kadi yoyote.

Pili, tunaomba mhifadhi kumbukumbu za kuingia za 14 na 15 Juni, zikiwemo anwani za IP, kifaa na akaunti iliyoongezwa saa 23:19. Tumeripoti kituo cha polisi cha Central, OB 41/16/06/2025, kama kuingia kwenye mfumo bila idhini chini ya kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018. Kwa kuwa ujumbe wa wateja ulikuwa wazi kwa mvamizi, tumemjulisha pia Kamishna wa Data ndani ya saa 72 zinazotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kampeni zile hatujazifuta. Zimezimwa tu, ili mziangalie jinsi zilivyo, pamoja na picha, viungo na walengwa wake.

Tuliyofanya kuziba pengo

Kompyuta ya kaunta ilitolewa kwenye mtandao Jumapili asubuhi, ikafutwa yote na kuwekewa mfumo upya. Manenosiri yalibadilishwa kutoka kwa simu ambayo haikuguswa na faili ile, si kutoka kwenye kompyuta hiyo, na vikao vyote vikafungwa kwanza, maana kubadilisha nenosiri huku kikao cha mwizi kiko hai hakumtoi. Ujumbe wa wateja sasa unasomwa kwenye simu peke yake, na kadi ya zamani imefungiwa matumizi mapya. Benki imethibitisha kwamba inaweza kupokea fedha zikirudishwa.

Hatujapeleka pingamizi la makato kwa benki. Tunajua likishapelekwa akaunti ya matangazo huweza kufungwa kwa muda wote wa uchunguzi, na tungependa jambo hili liishe kati yetu nanyi. Fomu ya benki imeshajazwa, na tutaiwasilisha Jumatatu 30 Juni ikiwa hatutakuwa tumepata jibu la mtu aliyeisoma Activity history yenyewe.

Tumeambatisha taarifa ya benki ya 14 hadi 16 Juni, risiti tano, picha za skrini za Activity history zinazoanza 22:40 hadi 11:20, ripoti ya matumizi kwa kila kampeni, nakala ya OB, cheti cha usajili wa biashara, na majina yetu pamoja na vitambulisho vya wasimamizi wote watatu. Anayeshughulikia faili hii anaweza kutupigia kwa namba iliyo kwenye akaunti ya biashara, Jumatatu hadi Jumamosi, 08:00 hadi 18:00 saa za Nairobi.

Wako kwa heshima,

Wamiliki na msimamizi wa matangazo,
Duka la spea za magari, Kirinyaga Road, Nairobi