Dagaa wa Mei na opsheni za Ijumaa

Mwenyekiti, katibu, mama mhazini, wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za Jumapili.

Nimeomba dakika chache kabla ya taarifa ya hatifungani kwa sababu ya picha zinazozunguka kwenye kundi letu la WhatsApp: dola 40 ya opsheni imezaa 600 kwa usiku mmoja. Hongera kwa aliyepata. Ila tuko wanachama 32, nimeona picha mbili za faida, na ya hasara hata moja sijaletewa. Ina maana hapa Kigoma hakuna anayeliwa?

Opsheni ya kununua ni haki ya kununua hisa kwa bei mliyopatana, kabla ya siku fulani kupita. Hizi za wiki mnazozipenda nyingi zinakufa Ijumaa. Na kwa kawaida mkataba mmoja wa kule Marekani unabeba hisa 100, kwa hiyo senti 40 mnayoiona kwenye simu ni dola 40 mfukoni, karibu laki moja yetu.

Sasa chukua hisa iliyo dola 100. Jumatano usiku kampuni inatangaza mapato. Wewe unanunua haki ya 110 kwa senti 40, kwa kuwa ya 100 umeiona ghali. Kurudisha tu pesa yako siku ya Ijumaa, hisa lazima ifike 110 na senti 40. Alhamisi habari ni njema, hisa imeruka hadi 105. Unafungua simu kwa furaha, unakuta opsheni yako ina senti 6. Umebashiri sawasawa, na umeliwa.

Wauza dagaa wa Kibirizi wanalielewa jambo hili kuliko mimi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa lisivuliwe, Mei 15 hadi Agosti 15, nani hakujua? Tarehe ilitangazwa mapema. Aliyekwenda kununua magunia siku za mwisho akidhani yeye ndiye mjanja, aliyemuuzia naye alikuwa na kalenda. Tarehe ya mapato nayo inajulikana na kila mtu. Anayekuuzia opsheni anaongeza bei ya wasiwasi juu yake, na habari ikishatoka, wasiwasi unaisha usiku huohuo. Bei inayeyuka wewe umelala. Hata ukiwa macho huna la kufanya: makampuni mengi hutangaza soko likishafungwa, kwetu ni saa tano usiku au saa sita kutegemea majira yao, na opsheni za hisa haziuzwi saa hizo.

Na habari njema si lazima ipandishe hisa. Agosti 28, 2024 Nvidia ilitangaza mapato ya dola bilioni 30 kwa robo mwaka, zaidi ya yaliyotarajiwa. Kesho yake hisa ikashuka zaidi ya asilimia 6.

Kuna hesabu moja naomba muifanye kabla ya kubonyeza. Tafuta opsheni ya kununua na ya kuuza zilizo kwenye bei ya leo, zote za Ijumaa hiyo, ujumlishe. Zikiwa dola 3 na 3, soko linategemea hisa iende kama dola 6, juu au chini. Wewe na 110 yako unadai 10. Tazama pia palipoandikwa Delta: ikisoma 0.08, chukulia kwa makadirio nafasi 8 katika 100 kwamba itafika Ijumaa ikiwa na thamani yoyote, na thamani yoyote bado si faida. Halafu angalia bei ya kuuza: ukinunua kwa senti 40 na mnunuzi anatoa 30, robo imeondoka kabla habari haijatoka.

Mimi nilifanya hivi mara 11 mwaka jana, dola 40 kila mara. Tisa zilikufa kabisa, moja niliiuza nusu bei, moja ilizaa mara tatu. Nilitoa 440, nikarudi na 140. Ile iliyozaa ndiyo iliyoniponza, maana ilikuwa ya pili, na zile tisa za baadaye nilikuwa naitafuta yenyewe. (Mke wangu yuko hapa. Kiasi hiki anakisikia leo.)

Kwa hiyo naleta hoja. Fedha ya kikundi isinunue opsheni ya wiki yenye tangazo, hata kwa dola 10, na mkopo wa kikundi usitolewe kwa kazi hiyo. Mwanachama mwenye pesa yake ana uhuru wake, lakini akituma picha ya faida, atume na orodha ya miezi mitatu nyuma.

Mwenyekiti, anayeunga mkono anyooshe mkono, kisha mama mhazini aendelee na hatifungani.