Mpango wa mafunzo kwa wanaojitolea labu: programu ikigoma kuingia, na namna ya kupandisha kesi ikiwa na ushahidi

Hii ni ya wote mtakaokaa zamu labu awamu hii, wapya na wazoefu. Tunakutana Jumamosi tatu mfululizo, saa 3 asubuhi hadi saa 5 na nusu, kabla hatujafungulia watu. Tuko 8, kompyuta ni 14 (10 za Windows, 4 za Ubuntu), kwa hiyo mnakaa wawili wawili, mmoja kwenye kibodi mwingine na daftari, kila nusu saa mnabadilishana. Anayeandika haruhusiwi kugusa mausi, najua itawawasha mikono lakini ndo sheria.

Sababu ya mafunzo haya ni moja tu. Kesi nyingi zinazomfikia fundi zinakuja na neno moja, "imegoma", na fundi yuko labu siku moja tu kwa wiki, siku nyingine anajibu kwa meseji, sasa akianza kuuliza imegomaje, iliandika nini, mtu wa zamu keshaondoka, mashine imeshazimwa na kuwashwa mara kadhaa, kila kitu kimefutika. Hatuwafundishi muwe mafundi. Tunataka yale mepesi myamalize wenyewe, na yale magumu yamfikie fundi yakiwa yameiva.

Jumamosi ya kwanza: soma kabla hujabonyeza OK

Nitaharibu kompyuta 4 makusudi Ijumaa jioni. Moja nitaijaza diski, moja nitairudisha tarehe nyuma miaka kadhaa, ya tatu nitaiwekea faili la usakinishaji lililokatwa mwishoni, ya nne ni ile ya zamani yenye Windows ya biti 32 na nitawapa programu ya biti 64. Kila jozi inazunguka zote. Kazi yenu dakika 40 za mwanzo SIO kurekebisha, ni kuandika kosa neno kwa neno pamoja na namba yake, na kitu gani kilikuwa kinafanyika lilipotokea.

Kitu kidogo ambacho wengi hawakijui: vile visanduku vya kawaida vya makosa vya Windows, ukibonyeza Ctrl+C kikiwa mbele yako, maneno yote yanakopika, unaenda kuyabandika Notepad. Havikubali vyote, ila jaribu kwanza kabla hujaanza kunakili kwa mkono namba kama 0x80070070, maana sifuri moja ikipungua fundi anatafuta kosa lingine kabisa.

Baada ya hapo tunajadili sababu. Hizi ndizo zinazotusumbua zaidi:

Diski kujaa. 0x80070070 maana yake nafasi haitoshi, mwisho wa habari, usianze kutafuta mchawi. Kumbuka programu ya giga 2 inahitaji zaidi ya hapo wakati wa kuingia kwa sababu inajifungua kwanza kwenye faili za muda. Kwenye Ubuntu angalia `df -h / /boot`, mara nyingi /boot ndo imejaa kerneli za zamani, hapo `sudo apt autoremove` inasaidia, lakini soma orodha ya inachotaka kutoa kabla ya kukubali.

Faili limeshuka nusu au limeharibika njiani. Intaneti yetu ikikatika watu wanadhani daunlodi imeisha. Msibishane, pimeni:

```
certutil -hashfile C:\Labu\setup.exe SHA256
```

Ubuntu ni `sha256sum setup.run`. Linganisha na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya waliotengeneza programu. Zikitofautiana hata herufi moja, futa, daunlodi upya, usiendelee na mengine. Na flashi zetu za FAT32 hazibebi faili moja linalofika giga 4, kwa hiyo mtu akikwambia faili linagoma kuhamia kwenye flashi wakati nafasi ipo, anza na hilo.

Tarehe. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, saa inarudi nyuma kila umeme ukikatika, halafu tovuti zote zinaonekana sio salama, na kwenye Ubuntu apt inalalamika kwamba faili la Release "is not valid yet". Ukirekebisha saa ikakubali, bado iandike, kwa sababu betri inahitaji kubadilishwa na kesho itarudi vilevile.

1618 na 1603. Hizi watu wanazichanganya sana. 1618 inasema kuna usakinishaji mwingine unaendelea, dawa yake ni subira, subiri apdeti zimalize, ikishindikana ristati. 1603 yenyewe haisemi kitu, ni kama mgonjwa kumwambia daktari "naumwa". Ukikutana na 1603 usikisie, hiyo ni ya Jumamosi ya pili.

Ruhusa. 0x80070005 ni kunyimwa ruhusa. Akaunti ya wanafunzi haina uadimini na haitapewa, hata mtu akuombe vipi.

Jumamosi ya pili: logi

Hapa ndo tutakaa sana, na sitaki mtu akose. Programu inayokuja kama .msi unaweza kuilazimisha iandike kila hatua:

```
msiexec /i "C:\Labu\michoro.msi" /L*v "C:\Labu\logi\K07.txt"
```

Folda ya logi iwepo kabla, msiexec haitaitengeneza, itakurushia kosa 1622 ukadhani umepata tatizo jipya. Faili linalotoka ni refu kupita kiasi, msilisome kuanzia juu. Fungua, bonyeza Ctrl+F, tafuta `Return value 3`, kisha panda mistari michache juu ya ile ya kwanza unayoikuta. Mara nyingi kisa chenyewe kiko pale, mfano:

```
Error 1304. Error writing to file: C:\Program Files\Michoro\michoro.dll. Verify that you have access to that directory.
Action ended 10:42:17: InstallFinalize. Return value 3.
```

Sasa ile 1603 imeanza kuongea, kuna faili moja imeshindwa kuandikwa, kwenye folda hii, saa hii. Kila jozi itapewa logi 3 nilizochapisha na wino wa kupigia mstari, mtafute mstari wa kisa kwenye karatasi kwanza ndo muende kwenye skrini. Programu za .exe kila moja ina tabia yake, nyingi zinaacha logi ndani ya `%TEMP%`, panga kwa tarehe uchukue za karibuni.

Kwenye Ubuntu zoezi ni moja, la kufuli. Mtaona hii:

```
Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. It is held by process 2143 (unattended-upgr)
```

Kuna ushauri umezagaa mtandaoni wa kufuta lile faili la kufuli. Hapa kwetu ni MARUFUKU. Hiyo meseji inakwambia kabisa nani amelishika, ni apdeti zinazojiendesha zenyewe, msubiri amalize. Ukimkata katikati unaweza kuacha vifurushi nusu nusu. Kama umeme ndo ulikata katikati ya usakinishaji na hakuna kinachoendelea tena, basi `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt --fix-broken install`, na matokeo ya zote mbili myahifadhi. Historia iko `/var/log/apt/term.log`.

Kanuni ya siku hiyo: badilisha kitu KIMOJA, jaribu, andika. Mtu akizima antivairasi, akafuta faili za muda, akaristati na akadaunlodi upya kwa mpigo halafu ikakubali, hatujajifunza chochote, na ikikataa ndo balaa zaidi. Na antivairasi haizimwi na mtu wa zamu, hiyo ni ya fundi.

Jumamosi ya tatu: kupandisha kesi

Kikomo ni dakika 20. Zikiisha hujafika popote, mhamishie mtu kompyuta nyingine aendelee na shughuli zake, bandika karatasi "usiguse" kwenye mashine, pandisha kesi. Ila haya hayasubiri hata dakika moja: harufu ya kuungua, diski inayogonga, skrini inayodai ufunguo wa BitLocker, chochote kinachotaka uingie BIOS, au kompyuta yenye kazi ya mtu ambayo haijahifadhiwa kwingine. Hapo mikono juu, piga simu kwa fundi.

Kesi inaandikwa kwenye grupu la mafundi, sio lile la wote, na inafanana na hii:

> K-07, Windows 10 biti 64, zamu ya asubuhi. Nilikuwa naweka Michoro kutoka michoro.msi iliyoko kwenye flashi ya labu. Ilifika karibu na mwisho ikarudi nyuma, kosa 1603, saa 4:42. Imerudia mara zote mbili nilizojaribu, sehemu ileile. Nafasi C: ni giga 61. Tarehe sahihi. SHA256 inalingana na ya tovuti. Flashi hiyohiyo imekubali K-04. Kwenye logi, juu ya Return value 3 kuna Error 1304, imeshindwa kuandika michoro.dll. Nilichobadilisha: niliristati tu, baada ya jaribio la kwanza. Nadhani (sina uhakika) kuna mabaki ya toleo la zamani, folda ya Michoro ipo tayari kwenye Program Files, sijaigusa. Nimeambatanisha logi nzima na picha ya skrini. Mtu amehamia K-05, hana haraka.

Angalieni vitu viwili hapo. Alichokiona kimetengana na anachokidhani, na amesema flashi imekubali K-04, sentensi fupi lakini imemwondolea fundi nusu ya maswali, faili ni zima, tatizo liko kwenye mashine. Logi nzima inaambatanishwa, usikate kipande unachoona wewe kina maana. Picha ya skrini inasaidia lakini haichukui nafasi ya maandishi, namba kwenye picha haitafutiki. Simu piga picha pale tu mashine haiwaki au haina intaneti.

Kabla ya kutuma, funika barua pepe za watu, majina yao, pasiwedi, na funguo za leseni. Logi nazo huwa zina jina la akaunti ndani ya njia za folda, kwa hiyo haziendi popote nje ya grupu la mafundi.

Mtihani wa mwisho: kila jozi inapata mashine niliyoiharibu, inaandika kesi, halafu kesi inapewa jozi nyingine ambayo haijaiona ile mashine. Wakiweza kulirudisha tatizo lilelile bila kuuliza swali hata moja, mmefaulu. Wakiuliza, swali lao linaandikwa chini ya kesi na mnarekebisha palepale, hakuna kufeli, mnarudia tu mpaka maswali yaishe.

Mje na daftari, kalamu na flashi tupu. Mkikosa Jumamosi ya pili mtasubiri awamu ijayo kukaa zamu peke yenu, ila mnaweza kukaa na mzoefu. Pasiwedi ya uadimini ya kompyuta za mazoezi nitaitoa siku yenyewe, na nitaibadilisha tukishamaliza.