Kabla Gari la Kusini Halijaondoka

Habari ilimfikia Zuhura saa 3:40 usiku. Mhariri wa habari alikwisha kuipitisha kabla ya kwenda nyumbani, na Kassim, msanifu kurasa, alikwisha kuitengea safu tano za ukurasa wa mbele pamoja na picha kubwa. Kichwa chake kilisomeka hivi: MWENYEKITI ATOROKA NA MIL. 108/- ZA KOROSHO. Chini yake, kwa herufi ndogo kidogo, kulikuwa na jina la mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika katika kijiji kimoja wilayani Newala, jina la baba yake na jina la ukoo.

Zamu ya usiku ilikuwa na watu wachache, na wa mwisho kusoma ukurasa kabla haujashuka mtamboni alikuwa Zuhura. Kazi yake ilikuwa kusahihisha, kupunguza maneno, kisha kutia saini kwenye nakala ya karatasi ambayo Mzee Athumani, msimamizi wa mtambo, aliihifadhi kwenye jalada lake. Ukurasa wa mbele ulitakiwa kushuka saa 4:30. Gari la kusini huondoka saa 5:30, likavuka Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji usiku uleule, ili magazeti yawahi Lindi, Mtwara, Masasi na Newala siku hiyohiyo. Gari likichelewa, wauza magazeti wa kusini hupokea mzigo jioni, wakati ambao hakuna anayenunua.

Aliisoma habari mara ya kwanza kwa haraka, kama alivyosoma habari zote, na hakuona kosa la lugha. Mara ya pili alisimama kwenye aya ya nne. Iliandikwa kwamba chama kilikuwa kimeuza kilo 41,200 za korosho kwenye mnada kwa Sh2,640 kwa kilo, na kwamba fedha zilizotoweka zilikuwa Sh108,768,000. Alichukua kikokotoo, akazidisha. Jibu lilikuwa lilelile, bila kupungua hata shilingi.

Hapo ndipo shaka ilipoanza. Zuhura alikuwa amezaliwa Tandahimba na kukulia kwenye nyumba ambamo habari za malipo ya korosho zilizungumzwa kuliko habari nyingine yoyote kuanzia Oktoba hadi Januari. Alijua kwamba katika utaratibu wa stakabadhi ghalani mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, zikapimwa na kupelekwa ghala kuu, zikauzwa mnadani, na mnunuzi akalipa kupitia benki. Hukatwa ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, za usafirishaji na za vyama, na kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye akaunti ya mkulima. Mwenyekiti wa chama anaweza kuiba, na wapo waliowahi kuiba, lakini hawezi kuibeba thamani nzima ya mnada, pamoja na ushuru wa halmashauri ndani yake. Tarakimu ile haikuwa hesabu ya wizi. Mtu alikuwa amechukua uzito na bei, akazidisha, akaandika kwamba zote zimepotea.

Akaikuza picha. Maelezo yake yalisema: "Nyumba ya mwenyekiti ikiwa imefungwa baada ya yeye na familia yake kutoroka." Mlango ulikuwa na kufuli kweli. Lakini pembeni mwa baraza, kwenye jua, kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka korosho zimeanikwa, zimetandazwa vizuri hadi ukingoni, bila kurundikana. Zuhura aliutazama ule mkeka kwa muda mrefu. Korosho hazilazwi nje: jioni hukusanywa kwa sababu ya umande na wezi, na asubuhi hutandazwa tena. Aliyezitandaza zile alikuwapo asubuhi ya siku ile picha ilipopigwa.

Alimpigia Hamisi, mwandishi wa Newala.

"Dada Zuhura, imekaaje? Ukurasa wa mbele, siyo?"

"Bado tunaisoma. Hamisi, kijijini ulifika lini?"

Kukawa na kimya kifupi. Hamisi akaeleza kwamba kijiji kiko mbali, karibu na mteremko wa kushukia bonde la Ruvuma, na kwamba bodaboda kwenda na kurudi ni zaidi ya malipo anayopata kwa habari nzima. Picha alitumiwa. Aliyeituma ni mjumbe wa bodi ya chama, mtu wa kuaminika.

"Na uchaguzi wa chama ni lini?"

"Mwezi ujao."

"Huyo mjumbe anagombea?"

"Dada, huku kila mtu anagombea."

Zuhura hakumgombeza. Alijua wawakilishi wa mikoani wanavyoishi: hawana mshahara, hawana nauli, hulipwa kwa habari iliyotoka, na habari iliyotoka ukurasa wa mbele hulipwa zaidi ya ile iliyotoka ukurasa wa kumi na moja. Magazeti yanayowalipa hivyo hayana haki ya kushangaa yanapoletewa habari zilizopikwa kwa simu. Aliomba namba ya mkulima aliyenukuliwa, kisha akampigia Mkuu wa Polisi wa Wilaya, ambaye alijibu kwa upole kwamba hana taarifa hiyo na kwamba msemaji ni Kamanda wa Mkoa, apigiwe asubuhi. Simu ya mwenyekiti haikuita kabisa. Ilisema kwamba mteja hapatikani. Jambo hilo lenyewe halikumwambia kitu. Ukishuka bondeni kwenye mashamba ya mpunga, mtandao unakatika, na unaweza kukaa huko siku kadhaa bila mtu kukupata.

Mkulima alipokea kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa kukusumbua usiku huu. Napiga kutoka gazetini, Dar es Salaam."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Alimsomea maneno yake kama yalivyoandikwa: "Mwenyekiti ametukimbia na jasho letu." Mzee alinyamaza, kisha akasema: "Hatujalipwa, hilo andika. Mnada umepita, wiki ya tatu hii, na benki nimekwenda mwenyewe nimekuta hakuna kitu. Mtoto wangu amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya michango. Lakini kukimbia mimi sikusema. Nilisema kwenye mkutano wa Jumatatu hatukumwona. Wapo wanaosema kakimbia. Mimi sijui."

"Nikuandike hivyo?"

"Niandike hivyo hivyo."

Ilikuwa saa 4:20. Kassim alisogeza kiti. "Dada, tunafanyaje? Mzee Athumani ameshauliza mara mbili."

Zuhura hakujibu mara moja, kwa sababu uamuzi haukuwa mwepesi kama ambavyo mtu wa nje angeudhania. Wakulima hawakuwa wamelipwa. Hilo sasa alilijua kwa mdomo wa mmoja wao. Kama mwenyekiti alikuwa mwizi kweli, kuichelewesha habari siku moja kungempa nafasi ya kuvuka Ruvuma na kuingia Msumbiji, na wale wazee wangeuliza gazeti lilikuwa wapi. Kama hakuwa mwizi, kesho yake mchana gazeti lingefika Newala likiwa na jina lake kamili na picha ya nyumba yake, na watu wenye njaa na hasira ya wiki tatu wangeujua mlango wa kuuendea. Aliyetandaza korosho kwenye ule mkeka angekuwa nyumbani. Gazeti likikosea huomba radhi kwenye ukurasa wa nne, kwa aya mbili, siku kadhaa baadaye, na wengi waliosoma kichwa cha kwanza hawaioni kamwe.

Mhariri Mtendaji alikuwa Dodoma, kwenye vikao vya Bunge. Alipokea simu haraka.

"Zuhura, ukurasa umeshashuka?"

"Bado, Mzee. Nataka kuiondoa habari ya Newala pale juu." Akamweleza hesabu, mkeka, mjumbe wa bodi na maneno ya mkulima, kwa mpangilio, bila kupandisha sauti.

"Wenzetu wanayo," alisema mhariri. "Nimeambiwa jioni hii. Wakiitoa peke yao, kesho kwenye kikao nitaulizwa mimi."

"Naelewa, Mzee."

"Unaweza kuniambia kwamba si kweli?"

"Siwezi. Inawezekana ni kweli. Lakini anayesema katoroka ni mmoja tu, naye anautaka uenyekiti, na ushahidi wetu ni picha inayompinga. Jina la mtu siwezi kulitia saini kwa hilo."

"Tukiweka 'adaiwa kutoroka'?"

"Kijijini hawatalisoma hilo 'adaiwa', Mzee. Watasoma 'kutoroka' na jina."

Mhariri alivuta pumzi. Alikuwa mtu mwadilifu, na Zuhura alimheshimu. Lakini mauzo yalikuwa yameshuka, na mwenye kampuni alikuwa akiuliza kila wiki. "Unaweka nini?"

"Maji. Kina cha Ruvu kimeshuka, tuna mhandisi aliyezungumza kwa jina lake na ratiba ya mgawo kwa kila eneo. Korosho nitaiweka chini, safu mbili, ukurasa wa mbele huohuo: wakulima hawajalipwa wiki tatu baada ya mnada. Bila jina la mwenyekiti, bila nyumba."

"Maji tunaandika kila mwaka."

"Ndiyo, Mzee."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. "Mimi niko mbali, siuoni huo ukurasa," alisema hatimaye. "Wewe ndiye uliye mezani. Amua, lakini ujue kesho tutalizungumza."

Zuhura alimgeukia Kassim. "Paisha maji. Korosho ishuke." Kisha akampigia Mzee Athumani.

"Mzee, naomba dakika ishirini."

"Mwanangu, dereva wa kusini ameshawasha gari."

"Naomba dakika ishirini, Mzee wangu. Usimruhusu aondoke."

"Kumi na tano. Zikipita hizo, Kilwa watalaumu."

Aliandika upya mwenyewe. Alianza na mkulima aliyekwenda benki akakuta akaunti yake haina kitu, akafuata na kilo na bei ya mnada, akaeleza makato, akaandika kwamba jitihada za kuwapata viongozi wa chama hazikufanikiwa hadi gazeti linakwenda mtamboni. Maneno ya mzee aliyaweka kama alivyoyasema, pamoja na ile "Mimi sijui". Kichwa kikawa: WAKULIMA NEWALA WIKI YA TATU BILA MALIPO. Kassim alibana nafasi ya tangazo la benki kwa nusu sentimita ili aya ya mwisho iingie. Zuhura akasoma, akatia saini, akaandika saa pembeni: 4:52.

Kisha, kabla hata karatasi haijafika chini, akamwandikia Hamisi ujumbe mrefu. Asubuhi aende benki kuuliza kama fedha za mnada ule zimeingia na lini. Aende chama kikuu aombe hati ya mauzo na orodha ya makato. Aende kijijini, agonge ule mlango, azungumze na jirani na yeyote anayeanika korosho pale. Nauli alimtumia kutoka kwenye simu yake mwenyewe, akasema ataidai ofisini.

Saa nane usiku picha iliingia kwenye simu yake. Ilikuwa ukurasa wa mbele wa gazeti lile jingine: kufuli, mkeka, jina lote la mwenyekiti, na milioni 108. Mhariri Mtendaji ndiye aliyeituma, na chini yake alikuwa ameandika neno moja: "Umeona?"

"Nimeona, Mzee," Zuhura alijibu. "Hamisi yuko benki saa mbili asubuhi, saa sita atakuwa kijijini. Naomba ukurasa wa mbele wa keshokutwa uniachie safu tatu."