Sera ya Kufanya Kazi Nje ya Ofisi, Ofisi ya Uhasibu na Kodi, Kijitonyama
Toleo la kwanza, inaanza Jumatatu tarehe 2 Machi 2026

Hii ndio ile sera tuliyoahidiana kwenye kikao cha Januari. Mpaka sasa kufanya kazi nyumbani kumekuwa kwa kuombana tu kwa wasapu, mmoja anaruhusiwa, mwenzake anaambiwa asubiri, mwingine anajilipia bando miezi mitatu alafu anakuja na risiti zimefifia anataka arudishiwe, na hamna mtu anayejua nani alisema nini. Kuanzia 2 Machi kilichoandikwa humu ndio kinachofuatwa, na ruhusa zote za mdomo za zamani zinakufa siku hiyo, hata ile uliyopewa na mkurugenzi mwenyewe kwenye lifti.

1. Inamhusu nani

Inawahusu wafanyakazi wote wa mkataba waliomaliza miezi mitatu ya majaribio na ambao kazi yao inafanyika kwenye kompyuta: wanaoandaa vitabu, watu wa kodi, watu wa mishahara, na wakaguzi pale wanapokuwa hawapo kwa mteja.

Haiwahusu mapokezi, mtunza fedha taslimu, dereva na mhudumu, kwa sababu kazi zao zipo pale mlangoni. Tunajua hili linauma, kwa hiyo hao wanne watapata siku moja ya ziada ya mapumziko yenye malipo kila robo mwaka, na siku hiyo haikatwi kwenye zile siku 28 za likizo ya mwaka. Vijana wa fildi nao hapana, mtu amekuja kujifunza, akikaa nyumbani atajifunza kwa nani.

Mwenye ruhusa anafanya kazi nyumbani siku zisizozidi mbili kwa wiki. Mama aliyetoka likizo ya uzazi anaruhusiwa tatu kwa miezi sita ya mwanzo, na muda wake wa kunyonyesha, ambao sheria inampa hadi saa mbili kwa siku, unabaki pale pale awe nyumbani au ofisini.

Siku ambazo hamna cha nyumbani: tarehe 5 hadi 7 kwa timu ya mishahara kwa sababu PAYE na SDL mwisho wake ni tarehe 7, na tarehe 17 hadi 20 kwa timu ya kodi kwa sababu ritani za VAT mwisho tarehe 20. Siku ya mwisho ikiangukia wikendi tunaimaliza Ijumaa, tukiwa ofisini. Wiki ya mwisho ya Juni timu ya kodi yote ipo ofisini, ritani za kampuni zinazofunga mwaka Desemba mnazijua zinavyokuja, mteja analeta boksi la risiti tarehe 28.

2. Maneno tunayoyatumia

Kazi ya nje ya ofisi ni kazi yako ya kawaida unayoifanya nyumbani kwako, kwenye anwani uliyoiandikisha utumishi. Mgahawani sio nyumbani. Saluni sio nyumbani. Kwa shemeji Mbezi ni nyumbani kama umeandikisha anwani.

Saa za msingi ni saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ukitoa lisaa limoja la chakula. Hapo upatikane kwa simu na kwenye mfumo. Masaa yaliyobaki uyapange mwenyewe kati ya saa 12 asubuhi na saa 2 usiku, mradi yafike manane kwa siku, arobaini kwa wiki. Baada ya saa 2 usiku sheria inaanza kuhesabu kazi ya usiku na ina nyongeza yake ya malipo, kwa hiyo hatutaki mtu afanye kazi usiku bila kuombwa kwa maandishi.

Kifaa cha ofisi ni chochote chenye ile stika yenye namba ya mali. Taarifa za mteja ni kila kitu kinachomtambulisha mteja au mfanyakazi wake: TIN, namba za NIDA, mishahara, taarifa za benki, hata ile picha ya risiti aliyokutumia kwenye simu.

Kiongozi wa timu ni yule anayesaini fomu yako ya likizo.

3. Wapi unaweza kufanyia kazi

Popote Tanzania Bara. Zanzibar ni hadi siku tano mfululizo kwa taarifa, ukitaka zaidi tuongee kwanza maana kule sheria ya ajira ni nyingine. Nje ya nchi hapana, hata kama ni Nairobi kwenye harusi ya dada yako na utakuwa na laptopu, chukua likizo ucheze ngoma. Sababu ni kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na sisi kazi yetu nzima ni taarifa za watu.

4. Nani anafanya nini

Mfanyakazi: omba siku zako kabla ya Alhamisi saa 10 jioni ya wiki inayotangulia, kwenye kalenda ya timu, sio inboksi. Ukianza kazi andika umeanza, ukimaliza andika umemaliza na umemaliza nini, mistari miwili inatosha. Miting ya mteja kamera iwashwe, miting zetu za ndani hiari. Ukiumwa nyumbani wewe ni mgonjwa, sema unaumwa, usijikaze kitandani na laptopu tumboni alafu utupe hesabu zisizobalansi.

Ukiumia ukiwa kazini hapo nyumbani, umejikwaa na eksitensheni au umepigwa shoti na chaja, toa taarifa utumishi siku hiyo hiyo na uandike ilikuwa saa ngapi na ulikuwa unafanya nini, ili tupeleke kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ukikaa wiki mbili ndio unasema, kuthibitisha kwamba ulikuwa kazini itakuwa shughuli.

Kiongozi wa timu: jibu maombi ndani ya siku moja ya kazi, na ukikataa andika sababu. Pima kazi iliyotoka, sio taa ya kijani kwenye mfumo, kuna watu wanajua kuiacha iwake huku wapo Kariakoo, na kuna wengine taa imezima kumbe wanamalizia salio la benki la mteja. Hairuhusiwi kumpigia mtu baada ya saa 2 usiku isipokuwa mfumo wa kodi umegoma siku ya mwisho. Ukimtaka afanye ovataimu omba kwa maandishi kabla, na inalipwa mara moja na nusu kama ilivyo ofisini.

Utumishi wanatunza anwani, fomu na malalamiko. Ukikataliwa mara tatu mfululizo bila sababu ya kueleweka, peleka utumishi, watakujibu ndani ya siku tano.

Aiti wanapatikana kwa simu saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na siku za ritani hadi saa 3 usiku.

5. Vifaa, umeme na bando

Hapa ndipo ugomvi mwingi ulipo kwa hiyo tusomane vizuri.

Ofisi inakupa laptopu, chaja, mausi, hedifoni na begi. Mwenye siku tatu anapewa na modemu. Unasaini fomu yenye namba ya mali na hali ya kifaa, na kabla hujasaini kikague kweli, kama kibodi ina herufi iliyong'oka andika, usije ukaibeba wewe. Meza na kiti ni vyako.

Bando: shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mwenye siku mbili, 55,000 kwa mwenye siku tatu, inaingia na mshahara na inaonekana kwenye salari slipu kama posho ya intaneti. Hatutaki risiti tena. Luku hatulipi, tulilijadili sana na jibu la menejimenti ni hapana kwa sasa, litaangaliwa kwenye mapitio.

Umeme ukikatika au mtandao ukifa, mjulishe kiongozi wako ndani ya nusu saa. Ukirudi ndani ya masaa mawili endelea, usiporudi njoo ofisini, jenereta ipo, au kama upo mbali mkubaliane ufidie lini. Masaa hayo hayakatwi kwenye mshahara. Mtandao ukianguka nchi nzima kama Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, subiri maelekezo kwenye simu ya kawaida. Ndio maana namba yako iwe ile inayopatikana.

Laptopu ya ofisi ni ya kazi. Mtoto asichezee gemu humo, usiweke fleshi yoyote, usiingize programu bila aiti. Taarifa za mteja zinakaa kwenye seva ya ofisi tu, unaingia kwa VPN ya ofisi ambayo sisi ndio tumeisajili TCRA, usitumie nyingine ya bure ya mtandaoni. Usijitumie faili kwa imeili binafsi "ili nimalizie usiku". Karatasi za mteja hazitoki ofisini kabisa, na usiprinti kwenye stesheneri ya mtaani, faili linabaki kwenye kompyuta yao na kesho mshahara wa mtu upo kijiweni.

Ukiibiwa au ukipoteza: piga simu aiti kwanza, saa hiyo hiyo hata kama ni saa 8 usiku, wazime akaunti. Kisha nenda polisi uchukue arubii, ilete ndani ya masaa 24. Tutachunguza ilikuwaje. Kama umevunjiwa nyumba au umekabwa, hulipi. Kama uliiacha kwenye siti ya mwendokasi au kwenye bajaji, unaweza kuchangia, ila utapewa barua yenye sababu na hesabu, utapata nafasi ya kujitetea, na makato hayatazidi robo ya mshahara wako wa mwezi. Anayechelewesha taarifa kwa kuogopa ndiye atakayekuwa na kesi ya nidhamu, maana laptopu tunanunua nyingine ila vitabu vya wateja vikishatoka vimetoka.

Ukiacha kazi, vifaa vyote vinarudi siku yako ya mwisho kabla ya saa 9 alasiri. Aiti watasaini wamepokea, na wewe ubaki na nakala.

6. Ukivunja

Mara ya kwanza mazungumzo, ya pili onyo la maandishi na siku za nyumbani zinasimama mwezi mmoja. Ukitoa taarifa za mteja nje, hapo hatuanzi na mazungumzo.

7. Mapitio

Sera hii itapitiwa Ijumaa tarehe 28 Agosti 2026, baada ya miezi sita, saa 4 asubuhi kwenye chumba cha mikutano, na baada ya hapo kila mwaka mwezi Agosti. Kikao kitakuwa na mkurugenzi, utumishi, aiti, na wawakilishi wawili mtakaowachagua wenyewe, mmoja lazima atoke kwa wale wasioruhusiwa kufanya kazi nyumbani. Yatakayoangaliwa ni luku, kiasi cha posho ya intaneti, ritani zilizochelewa kama zipo na sababu zake, na vifaa vilivyopotea. Maoni yapelekwe utumishi kabla ya tarehe 14 Agosti. Likibadilika jambo lolote kabla ya hapo mtapewa taarifa ya maandishi siku 14 kabla.

Kila mmoja asome, asaini nakala mbili, moja abaki nayo na moja iende utumishi kabla ya Ijumaa tarehe 27 Februari. Asiyesaini anaendelea kuja ofisini siku zote tano.