Barua ya malalamiko: kukatika kwa intaneti mwezi wa Januari 2026, kontra na. 04417

Lubumbashi, 2 Februari 2026

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja

Bwana Mkurugenzi,

Salamu za heshima. Sisi ni sekretarieti ya umma, kartie Bel-Air, komini Kampemba: tunachapa, tunaskani na kutuma hati za wateja wanaopitisha mizigo Kasumbalesa. Tunalipa dola 60 kwa mwezi kwa laini ya faiba. Mwezi wa Januari laini hiyo ilikatika mara tano, na fakture ya Februari imekuja nzima, pamoja na dola 10 za "matengenezo". Tunaomba irekebishwe.

Saa zilizo hapa chini ni za mfumo wa saa 24, kama zilivyoandikwa kwenye kumbukumbu ya modemu.

Jumanne 6/1, 14:10 hadi 19:35 (saa 5 dakika 25). Mvua kubwa. Taa ya LOS nyekundu. Tuliwaandikia WhatsApp saa 14:25. Laini ilirudi yenyewe, hakuna fundi aliyefika.

Ijumaa 9/1, 08:05 hadi 09:20 (saa 1 dakika 15). Hakuna mvua. Taa ya PON ya kijani, LOS imezimika. Ping ya 192.168.1.1 ilijibu, ya 8.8.8.8 haikujibu. Hii ilikuwa hitilafu ya upande wenu, mbali na nguzo yetu.

Jumatano 14/1, 13:40, hadi Alhamisi 15/1, 11:15 (saa 21 dakika 35). Mvua, LOS nyekundu. Tulipiga simu saa 13:55. Fundi alifika kesho yake saa 10:30, akabadilisha modemu, akaondoka. Jua lilikuwa limeshawaka tangu asubuhi.

Jumatano 21/1, 16:20, hadi Alhamisi 22/1, 09:50 (saa 17 dakika 30). Mvua, LOS nyekundu, na modemu ni ile mpya. Ilirudi kabla fundi hajafika.

Jumanne 27/1, 12:30 hadi 18:00 (saa 5 dakika 30). Mvua, LOS nyekundu.

Jumla ni saa 51 na dakika 15. Tarehe 18 umeme wa SNEL ulikatika kartie nzima. Hatukuuhesabu, na hata hivyo modemu yetu iko kwenye batri, laini ilibaki wazi.

Kontra inaahidi huduma 99% ya mwezi. Januari ina saa 744, kwa hiyo tungevumilia saa 7 na dakika 26, basi.

Kuhusu chanzo, modemu haina kosa. Kwenye ukurasa wake, Rx inasoma -21.5 dBm siku kavu. Tarehe 27, dakika chache kabla ya kukatika, ilisoma -28.7, na kifaa cha aina hii hakishiki mwanga vizuri chini ya -27. Modemu ikiwa mbovu haisubiri mvua. Kinachosubiri mvua ni kisanduku cha viungo kilicho kwenye nguzo mbele ya ofisi: ufuniko wake umepoteza kibano na umefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi la ndani, na kable yetu inaingilia juu, imenyooka, bila kuachiwa mkunjo wa kudondoshea maji. Maji yanafuata kable hadi ndani. Likiwaka jua, yanakauka na laini inarudi, ndiyo maana kila fundi akifika anakuta kila kitu ni kizuri.

Kifungu cha 9 cha kontra kinasema katizo linalopita saa 4 bila mteja kuwa chanzo linarudishiwa sehemu ya 1/30 ya malipo ya mwezi kwa kila siku iliyoguswa. Siku hizo ni sita: 6, 14, 15, 21, 22 na 27. Katizo la tarehe 9 halikufika saa 4, hatulidai. Kwa dola 2 kila siku, ni dola 12. Tunadai pia dola 10 za kubadilishiwa modemu ambayo haikuharibika. Jumla dola 22. Fakture ya Februari ibaki dola 48, na tutailipa siku hiyohiyo tutakapopokea iliyosahihishwa.

Tunawaomba pia mtume fundi mwenye kipimo cha mwanga na mashine ya kuungia faiba, kabla ya tarehe 13 Februari. Akifungue kisanduku, asafishe vichwa vya kijani, aunge upya kiungo kilichoingia maji, abadilishe ufuniko, kisha kable aiingize kwa chini. Akimaliza aandike Rx kwenye karatasi ya kazi mbele yetu. Akija tena na modemu mkononi, tutamwonyesha nguzo.

Tarehe hiyo ikipita bila jibu la maandishi, tutapeleka faili hili ARPTC.

Pokea heshima zetu,

Msimamizi wa sekretarieti

Viambatisho: kumbukumbu ya modemu, picha 3 za kisanduku, nakala za ujumbe wa WhatsApp, karatasi ya kazi ya 15/1, fakture ya Februari.