Muhtasari wa Mpango wa Biashara: Matengenezo ya Pampu za Maji za Sola kwa Ada ya Mwezi

Tunatafuta mtaji wa dola 70,000 kwa hisa asilimia 30 za kampuni, ili katika miaka mitatu tufikishe pampu 260 kutoka 62 tunazozihudumia sasa.

Pampu ya sola huuzwa kwa sifa ya kutohitaji mafuta, na sifa hiyo ni ya kweli. Kisichotajwa siku ya mauzo ni kwamba paneli zinaweza kudumu zaidi ya miaka 20, ilhali pampu yenyewe na kidhibiti chake huharibika mapema zaidi, wakati ambapo muuzaji mara nyingi hana fundi wala vipuri karibu. Wanaoumia ni kamati za maji, shule, zahanati na wakulima wa umwagiliaji. Tumepita kisima kwa kisima katika eneo letu na kuhesabu pampu 840. Lengo letu, kwa hiyo, halifiki hata theluthi ya soko hilo. Washindani wetu ni mafundi wa kujitegemea, ambao ni rahisi kwa kila wito lakini hawaweki akiba ya vipuri.

Mteja hulipa dola 45 kwa mwezi. Kwa ada hiyo tunakagua pampu kila baada ya miezi mitatu, tunabadilisha vipuri vilivyochakaa, na hitilafu ikitokea fundi hufika ndani ya saa 48, la sivyo ada ya mwezi huo haidaiwi. Kifaa tunachokifunga kwenye pampu hututumia vipimo vya maji na umeme kupitia mtandao wa simu, hivyo mara nyingine sisi ndio tunaompigia mteja kumwarifu kwamba pampu yake inadhoofika.

Mapato ya sasa ni dola 2,790 kwa mwezi. Vipuri hugharimu wastani wa dola 12 kwa pampu, na gharama zisizobadilika ni dola 2,600. Tunapata hasara ya dola 554 kila mwezi, ambayo tunaifidia kwa fedha zetu wenyewe. Karakana ya pili itapandisha gharama zisizobadilika hadi dola 4,900, na hapo tutahitaji pampu 149 ili mapato yalingane na matumizi. Zikifika 260, ziada itakuwa dola 3,680 kwa mwezi kabla ya kodi.

Katika fedha tunazoomba, dola 28,000 ni za karakana hiyo na gari lake, 18,000 za vipuri, 15,000 za vifaa vya kupimia, na 9,000 za kuziba pengo hadi tuache kupata hasara.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ucheleweshaji wa malipo wala si ufundi: wateja watano waliovunja mikataba walikuwa kamati zilizoshindwa kukusanya michango. Mikataba mipya inadai ada ya miezi miwili mbele. Mwekezaji atapata kiti katika bodi na taarifa ya hesabu kila robo mwaka, na fedha zinaweza kutolewa kwa awamu mbili, ya pili ikisubiri tufikishe pampu 110.