Kufunga Kinu Kabla ya Kukifungua: Maandishi ya Video ya Mafunzo

Mahali: kiwanda cha kusaga sembe, Vingunguti.
Wanaoonekana: msimamizi wa zamu na fundi umeme.

(Picha: msimamizi yuko mbele ya kinu, kinaunguruma.)

MSIMAMIZI: Habari za kazi, ndugu zangu. Leo tunafunga kinu hiki ili tubadilishe chujio. Nilikofanya kazi zamani, umeme ulikatika katikati ya zamu. Mwenzetu akaona hiyo ndiyo nafasi ya kuzibua mahindi yaliyokwama. Swichi ilikuwa bado juu. Jenereta ilipowaka, kinu nacho kikaondoka. Alipoteza vidole viwili. Hapa Dar umeme unarudi bila hodi, kwa hiyo umeme ukikatika, hesabu kwamba upo. Fundi, karibu.

1. Toa taarifa.

FUNDI: Jamani, nafunga kinu! (Wapakiaji wananyoosha mikono kuonyesha wamesikia.) Asiyejibu, namfuata alipo.

2. Zima, kisha subiri.

(Anabonyeza kitufe chekundu. Picha isikatwe hapa hata kidogo, mtazamaji aone puli inavyoendelea kuzunguka.)

MSIMAMIZI: Mota imezimwa, ila tazameni puli. Ndani, nyundo bado zinakimbia, na zina nguvu ya kukata mkono. Hakuna kufungua mfuniko, hakuna kushika mkanda. Tunasubiri... tunasubiri... Sasa imesimama kabisa.

3. Shusha swichi kuu ya kinu.

(Fundi anasimama pembeni ya boksi, uso ameugeuzia kando, anashusha.)

4. Weka kufuli na lebo.

FUNDI: Kufuli langu, ufunguo mmoja, unaingia mfukoni mwangu. Lebo inasema: "Usiwashe. Mtu yuko kazini." Jina langu na saa viko hapa.

MSIMAMIZI: Nami naingia kazini, kwa hiyo naweka la kwangu juu ya lile lile komeo. Watu wawili, makufuli mawili. Usimwachie mwenzako akulindie mkono wako.

5. Hakikisha.

FUNDI: Nabonyeza kitufe cha kuwashia. (Kimya.) Bado sijaamini. Napima testa kwenye soketi yenye umeme: inawaka, ni nzima. Napima nyaya zote tatu zinazokwenda kwenye mota: hakuna kitu. Narudi kwenye soketi: testa bado nzima.

MSIMAMIZI: Kupima ni kazi ya fundi umeme peke yake. Hii ni laini ya volti 400, si ya kujaribia.

(Fundi anafungua mfuniko, anatoa chujio.)

6. Rudisha.

MSIMAMIZI: Chujio limekaa, mfuniko umefungwa, spana zimehesabiwa. Kila mtu anatoa kufuli lake mwenyewe. Mwenye kufuli akiwa ameenda kula, tunamsubiri, hata kama lori la mahindi limefika getini.

FUNDI: Jamani, nawasha kinu!

(Mikono inanyooshwa. Swichi inapanda. Fundi anabonyeza kitufe cha kuwashia. Kinu kinaunguruma.)